Barua ya Rufaa na Nyumba ya Ndugu Yangu

Bodi ya ufadhili ilikataa kumlipia mpwa wangu karo ya sekondari kwa sababu nyumba yetu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Nyumba yenyewe haikuwa yetu. Ningeweza kukomea hapa nikarudi kuota jua, lakini mimi ndiye niliyewafungulia mlango wale waliokuja kuikagua, kwa hiyo ni haki nieleze.

Tunaishi juu ya Kibugu, pale majani chai yanapokaribia kuishia msituni na baridi haina haya. Tuko watatu. Yuko mama yangu, ambaye kila mtu humwita Shosho, yaani bibi, hata mimi, tangu mpwa wangu aanze kuongea. Yuko mtoto mwenyewe, binti wa marehemu dada yangu. Halafu niko mimi. Nyumba yetu ni ya mbao, vyumba viwili, na jiko limesimama peke yake kando. Hatua ishirini kutoka hapo, ndani ya boma lilo hilo, ipo nyumba ya mawe ya mdogo wangu. Yeye hufanya kazi Mombasa, na huja Krismasi zile ambazo hakosi sababu ya kuja. Miezi mingine yote nyumba hufungwa, na ufunguo hukaa kwangu.

Kazi ya kutunza ufunguo nilipewa bila mahojiano. Ilijulikana kwamba siendi mahali. Nilimaliza kidato cha nne na gredi ambayo Shosho aliwaficha watu wa kanisa kwa mwaka mzima, na tangu hapo safari zangu zimekuwa za kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai na kurudi. Majirani wakimwelekeza mgeni kwetu husema, panda na barabara mpaka uone mwanamume ameketi. Sijawahi kuwakosoa. Wageni hufika.

Mtoto alikuwa tofauti. Mtihani wa darasa la nane aliupita hadi mwalimu mkuu akaja kwa miguu kutuambia, naye mtoto akaitwa shule kubwa ya wasichana upande wa Meru. Karo yake tukiiangalia na kuangalia ile michai ya Shosho, tulijua hazijuani. Mwalimu akamjazia fomu za ufadhili wa shirika moja lenye ofisi Embu mjini. Akaenda kwa mahojiano, akarudi akisema ameulizwa maswali rahisi. Wiki moja baadaye simu ikapigwa: maafisa wawili watakuja Alhamisi kuona mazingira ya nyumbani.

Hapo ndipo ilipoharibika, na iliharibika kwa adabu kabisa.

"Watu wanatoka Embu mjini," Shosho aliniambia. "Utawaketisha wapi?"

Hakungoja jibu, kwa sababu jibu lilikuwa moja. Mtu akitoka mbali hakalishwi kwenye moshi. Hakuna aliyekaa chini kufikiri kwamba watu hawa walikuwa wanakuja kutazama huo moshi. Nilifungua nyumba ya mawe, nikatoa mashuka yaliyofunika makochi, nikafuta vumbi kwenye runinga, nikatandika vile vitambaa vyeupe vya kufuma. Vikombe tuliazima kwa jirani. Jogoo akachinjwa. Mimi nilivaa koti la ndugu yangu lililokuwa kabatini, nikajitazama kwenye kioo, nikaona ningefaa sana kuwa mtu mwingine.

Walikuja msichana mwenye fomu na mzee mmoja aliyekuwa mwalimu kabla ya kustaafu, mjumbe wa ile bodi kutoka upande wa Runyenjes. Tuliwakaribisha, tukawaombea, tukawalisha. Msichana akauliza, "Familia inaishi hapa?" Nami nikajibu, "Hapa hapa, karibuni sana." Kwa hesabu ya boma sikudanganya. Aliandika. Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika, akaanza kusema, "Anko, lakini sisi..." Nikamwambia mgeni hana sukari. Akaenda kuleta sukari. Mwishoni fomu ikaletwa kwangu, nikatia sahihi pale palipoandikwa mlezi, bila kusoma, kama wenye nyumba za mawe wanavyofanya. Walipoondoka Shosho alifurahi kwamba mzee alimaliza nyama.

Jibu lilitumwa kwa barua pepe ya saiba, duka la kompyuta lililoko sokoni Kibugu, kwa kuwa sisi hatuna hiyo anwani. Lilikaa huko siku tano kabla ya mtu kulifungua. Mpwa wangu alikuja nalo limechapishwa, akaliweka juu ya meza, akaenda kukata nyasi za ng'ombe. Hakulia. Ningependelea alie, kwa sababu mtu anayelia hupewa maji na mambo yakasonga.

Nilisoma mwenyewe, Kiingereza cha ofisi, taratibu. Ziara ya nyumbani, ilisema barua, ilionyesha familia yenye makazi ya kudumu ya mawe, yaliyo na samani na umeme, na kwa hiyo uhitaji haukuthibitika. Asiyeridhika angeweza kukata rufaa kwa katibu wa bodi ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe ya barua, akitoa maelezo mapya na ushahidi. Tano zilikuwa zimeshakwenda. Shule nayo ilikuwa inafungua baada ya wiki tatu, na anayekosa karo ya kuingilia alijua anapoelekea: shule ya kutwa hapa chini, ile niliyosoma mimi. Matokeo yake mmeyaona.

Siku iliyofuata nilitoka nyumbani. Naitaja kama tukio kwa sababu ilichukuliwa hivyo. Mwenye saiba tulikaa naye dawati moja sekondari. Yeye alikuwa akinipa majibu, mimi nikiyakosea wakati wa kunakili. Aliponiona mlangoni aliweka miwani juu ya kichwa.

"Umekuja wewe mwenyewe? Na kiti umemwachia nani?"

"Nimekifunga na kamba."

"Haya, keti hiki. Usikizoee."

Nilimwonyesha barua. Aliisoma, akaniangalia, akaisoma tena. Yeye anajua boma letu. Nilimwambia nataka barua ya rufaa, Kiingereza kizuri, kilichosimama wima. Akasema siku hizi hatungi barua kutoka kichwani, ana ile programu ya kuongea nayo kwenye kompyuta, unaipakia karatasi nayo inaandika. Watu wamemletea barua za kazi, za chifu, hata za kuomba msamaha kwa wake zao.

Aliiweka barua ya bodi kwenye skana, akaipakia, akaandika chini yake kwamba tunataka kukata rufaa. Kabla sijamaliza kufikiri, majibu yalikuwa yamejaa kioo. Ile programu ilitueleza tuliyokuwa tumeyasoma, ila kwa mpangilio: sababu ya kukataliwa ni moja, nayo ni makazi, barua ielekezwe kwa katibu, itaje namba ya ombi, tarehe ya mwisho ni hii. Halafu ikauliza maswali. Mwombaji anaishi na nani? Kipato kinatoka wapi? Kuna lipi ambalo bodi haikulijua siku ya ziara? Kuna karatasi gani za kuthibitisha?

"Namba imeisoma vibaya," mwenye saiba alisema, akiinamia ile karatasi. "Hii ni B, yeye ameona nane." Akaisahihisha. "Ni mjanja lakini skana yangu ni kuukuu. Sasa nipe maneno."

Nikampa. Mama wa mtoto alifariki, baba hajulikani aliko. Mtoto analelewa na bibi yake. Kipato ni majani chai, mashina machache. Nyumba ni ya mbao, vyumba viwili. Mjomba yuko, hana kazi.

"Hiyo ya mwisho niandike kwa herufi kubwa?"

"Andika tu."

Barua ikatoka. Siwezi kuikosea heshima: ilikuwa nzuri. Ilishukuru bodi, ikataja namba, ikaeleza yatima na bibi na chai bila kulialia. Lakini katikati, aya ya tatu, kulikuwa na mabano ya mraba, na ndani yake maneno ambayo hayakuwa sehemu ya barua. Chini ya barua ikafafanua kwa nini imeyaweka. Notisi ya bodi, ilisema, inataja nyumba ya mawe yenye samani. Ninyi mmenieleza nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Sijui tofauti hii imetoka wapi, na sitaki kubuni. Bodi italiuliza hili kabla ya lingine lolote, kwa hiyo jazeni hapa kilichotokea.

Tuliyatazama yale mabano, mwenye saiba na mimi.

"Basi ijaze," alisema.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona mabano."

Nikawaza kama mtu aliyezoea kuwaza akiwa ameketi, yaani nikatafuta njia fupi. Nikamwambia aandike kwamba maafisa walikosea nyumba. Boma lina nyumba mbili, wao wakaandika ile isiyofaa. Aliniangalia juu ya miwani, akaandika nilichosema. Ile programu ikakipokea, kwa kuwa haikuwepo siku ile ya jogoo, ikatengeneza aya laini sana: kwa heshima, tunaamini maafisa waliandika kimakosa nyumba nyingine iliyo katika boma la familia. Hata hivyo ikaongeza ushauri chini: kama fomu ya ziara ilitiwa sahihi na mlezi, bodi itailinganisha na barua hii, hivyo hakikisheni maelezo ni sahihi.

"Nani alitia sahihi?" mwenye saiba akauliza.

"Tuchapishe," nikasema.

Barua ilikuwa kwa jina la mtoto, lakini sahihi ya mlezi ilipaswa kuwa ya Shosho, kwa kuwa ndiye mlezi kwenye karatasi za shule. Jioni, kabla giza halijaingia, tulikaa jikoni, mpwa wangu akasoma barua kwa Kiingereza, kisha akamfafanulia bibi yake kwa Kiembu, aya baada ya aya. Shosho alikuwa akichambua maharagwe. Ile ya kwanza aliitikia. Ya pili aliitikia. Mtoto alipofika ya tatu akasita, akanitazama, nami nikawa nachunguza kuni.

"Inasema wale wageni walikosea nyumba," alisema.

Shosho aliweka chini ungo.

"Walikosea namna gani? Si tuliwapeleka sisi?"

"Ni namna ya kuandika, Mama," nikasema. Nikimwita Mama huwa kuna jambo.

"Yule mzee amekula hapa. Amenishukuru akishika mkono wangu huu. Sasa nimwandikie mkubwa wake kwamba alipotea?" Akarudi kwa maharagwe. "Mimi siweki kidole hapo."

Nikasema basi tuandike tu kwamba sisi ni maskini, yaishe. Hilo nalo nilikuwa sijalipima. Shosho alisema yeye ameolewa katika boma hili, amezaa na kuzika katika boma hili, hajawahi kumwomba mtu chumvi, na leo hataanza kuitwa hivyo kwa Kiingereza. Kwa hiyo tulikuwa na barua mbili, ya uongo na ya ukweli, na mtu wa kutia sahihi amezikataa zote. Siku zilizobaki zilikuwa nane. Mpwa wangu alikuwa bado ameshika karatasi.

"Shosho," aliuliza, "siku ile kwa nini hatukuwaleta hapa jikoni?"

"Mgeni wa mbali analetwa jikoni?"

"Hapana."

"Haya."

"Basi si tuandike hivyo," akasema mtoto. "Kwamba sisi tunaishi kwa nyumba ya mbao, na mgeni hatungeweza kumwingiza kwa moshi, ndio tukafungua ya anko wa Mombasa. Si uongo. Na hakuna mahali imesema maskini."

Shosho alifikiri. Alitoa maharagwe mawili mabovu, akayatupa motoni.

"Hiyo naweza kuweka kidole," alisema. Kisha, bila kunitazama: "Na uandike pia nani alivaa koti."

Asubuhi nilirudi saiba, na safari hii mtoto tulienda naye, kwa sababu ilikuwa imeonekana wazi nani ana akili nyumbani. Mwenye saiba alimpa kibodi, mimi akanionyesha benchi. Mtoto aliandika sentensi yake. Ile programu ikaandika aya mpya, na jambo la ajabu ni kwamba ilikuwa imeifanya safi mno. Ilisema kutokana na kutoelewana kwa bahati mbaya kuhusu madhumuni ya ziara, familia iliwapokea maafisa katika makazi ya ndugu. Mgeni alikuwa ametoka humo, na moshi pia.

"Hapana, hiyo si yetu," mtoto alisema.

"Iambie," mwenye saiba akamjibu. "Inasikia."

Akaiambia iache maneno yake kama alivyoyaandika, irekebishe Kiingereza tu. Ikafanya hivyo. Aya ya tatu ikawa fupi kuliko nyingine zote: Tunaishi katika nyumba ya mbao iliyo karibu. Kwetu mgeni aliyetoka mbali hapokelewi jikoni penye moshi, kwa hiyo tulifungua nyumba ya mjomba wangu anayefanya kazi Mombasa. Hatukufikiri kwamba mlikuja kuona jikoni. Mjomba wangu mwingine alitia sahihi fomu bila kuisoma, naye anaomba radhi.

"Mimi sijaomba radhi," nikasema kutoka kwenye benchi.

"Unaomba," walisema wote wawili.

Programu ilikuwa pia imeorodhesha viambatisho: cheti cha kifo cha mama, barua ya chifu, barua ya mwenye nyumba ya mawe. Chini ikaonya tusitaje karatasi ambayo hatuna mkononi. Cheti tulikuwa nacho. Barua ya chifu niliipata kesho yake baada ya kukaa kwenye foleni, kazi ambayo niliifanya kwa ufundi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Ilinibidi nimpigie ndugu yangu simu Mombasa nimwombe athibitishe kwamba nyumba ni yake, na kumwambia kwa nini anaombwa.

Alianza na samani.

"Mlikalia makochi?"

"Kidogo."

"Na vitambaa vyangu?"

"Vimefuliwa."

"Na runinga, mliiwasha?"

"Siku hiyo, hapana," nikasema, na nikajuta kuitaja siku.

Aliandika barua usiku uleule, akaipiga picha, akaituma kwa simu ya mwenye saiba. Kurasa mbili. Sijawahi kuona mtu akithibitisha umiliki wa nyumba kwa mapenzi kiasi kile. Alieleza idadi ya mabati, mwaka aliochimba msingi, na kwamba ndugu yake aliyepo nyumbani hana chumba, hana haki, wala hana ruhusa ndani yake. Mwenye saiba alisema ni ushahidi wa kutosha kunifukuza hata mimi mwenyewe. Tuliuambatisha wote.

Shosho alitia kidole siku ya kumi na mbili. Mwenye saiba alipiga skani, akatuma kwa anwani ya katibu, akatuchapishia ile ya kuonyesha imetumwa. Karatasi yenyewe mtoto aliipeleka Embu mjini kwa mkono, akagongewa muhuri wa kupokewa kwenye nakala. Hiyo ya muhuri ilikuwa akili yake, si ya kompyuta.

Siku sita hazikuleta kitu. Ya saba, asubuhi, niliketi mahali pangu nikimenya ndizi za kuchemsha, nikaona watu wawili wakipanda na barabara. Walikuwa msichana wa fomu na mwalimu mstaafu. Hawakuwa wamepiga simu. Niliinuka na kisu mkononi, kaptura, miguu mitupu, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba ufunguo uko ndani juu ya kabati.

Shosho alikuwa shambani anachuma. Alisikia sauti, akatoka katikati ya michai na kikapu mgongoni na ile nailoni ya kuzuia umande kiunoni, akasimama kama mtu aliyekutwa anaoga. Halafu akaniambia kwa Kiembu, upesi, nifungue kule.

Mwalimu mstaafu alielewa. Ni mtu wa huku, Kiembu ni chake.

"Mama," alisema, "leo sisi si wageni. Tupeleke mahali mnalala."

Nilimwona Shosho akitafuta adabu ya kutumia kwa watu ambao si wageni, akaikosa. Mwishowe alishusha kikapu, akatangulia. Nilijua inavyomgharimu. Mimi nilibaki nyuma nikivaa shati, kwa kuwa kazi yangu katika jambo hili lote imekuwa mavazi.

Waliingia nyumba ya mbao. Msichana alitazama kitanda cha Shosho na cha mtoto, ubao unaovitenganisha, na vitabu vilivyopangwa ndani ya gunia la mbolea lililofuliwa ili unyevu wa ukuta usiviharibu. Aliuliza mimi nalala wapi, nikamwonyesha chumba kingine, mahali palipo na mtungi wa maziwa, ndoo na mimi. Kisha wakaingia jikoni. Walikaa kwenye vigoda. Moshi ukamwelekea mzee, ukamfuata alipohama, naye akafuta macho na kuendelea. Shosho aliwapa chai hata hivyo. Hakuna bodi ambayo ingemzuia.

"Barua yenu niliisoma mbele ya wenzangu," mwalimu alisema. "Tulizopata ni nyingi. Nyingi zinasema sisi tulikosea njia, tulikosea jina, tulikosea nyumba. Yenu imesema tulikula." Akapuliza chai. "Kusema kweli kuku ndiye aliyewaangusha. Nilirudi ofisini nikasema hapa wanakula vizuri."

"Alikuwa ndiye jogoo wetu," mtoto alisema.

"Nilishuku. Alikuwa mgumu."

Msichana hakucheka, aliandika. Safari hii alisoma kwa sauti kila alichoandika, kisha akampa Shosho fomu, sio mimi. Nilijaribu kusogea niisome, wote wakanitazama.

Majibu yalifika saiba siku nne baadaye, na mwenye saiba alifunga duka akaja nayo mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya hata kwa mazishi. Rufaa ilikuwa imekubaliwa. Bodi iliridhika kwamba uhitaji upo. Lakini nafasi za mwaka ule zilikuwa zimeshagawiwa, yake ikiwemo, kwa hiyo mwombaji amewekwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba, na ataitwa ikitokea nafasi.

Mtoto aliisoma mara mbili.

"Kwa hiyo ni ndiyo, ama ni hapana?" Shosho aliuliza.

"Ni ndiyo," alisema. "Lakini sio sasa."

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu aliandikia shule ile akaomba wamshikilie nafasi, nao wakajibu watafanya hivyo hadi mwisho wa mwezi. Sanduku lake la bati lilikuwa tayari, limefungwa, lina sabuni na soksi. Lilikaa karibu na mlango na sote tukajifunza kulizunguka. Asubuhi alikwenda na Shosho kuchuma chai. Alichuma haraka, kwa hasira, na mizani ya kituo ilionyesha. Hakuniambia kitu kibaya hata mara moja. Siku moja nilijaribu kumwambia kwamba hata shule ya hapa chini si mbaya sana. Akasema, "Sawa, Anko," na sikulirudia tena.

Simu ilikuja wiki ya tatu, siku ya Jumatano. Msichana mmoja kutoka sehemu nyingine alikuwa amepata mfadhili mwingine, akaiacha nafasi yake. Ijumaa nilimsindikiza mpwa wangu hadi Meru, mbali kuliko nilivyowahi kufika katika miaka ambayo siitaji. Kwenye lango tulikuwa peke yetu. Wenzake walikuwa madarasani, sauti zao zikisikika wakijibu pamoja. Bawabu alikagua sanduku akauliza mbona tumechelewa. Nilifungua mdomo.

"Tulikuwa na wageni," mtoto alisema, akalichukua sanduku upande mmoja, bawabu akashika mwingine.

Siku ya wazazi nilienda tena. Shosho alinibebesha chapati na nyama kwenye bakuli la plastiki, akanionya nisile njiani. Tuliketi kwenye nyasi katikati ya familia nyingine. Alinipa karatasi ya matokeo ya kati ya muhula. Alikuwa wa thelathini na tisa katika darasa la hamsini na mbili, yeye ambaye Kibugu hakuwahi kujua namba ya pili ikoje. Hisabati ndiyo iliyomvuta chini. Zile wiki tatu, alieleza, wenzake walikuwa wamefundishwa mwanzo wa aljebra, na wengine wote walijengea hapo. Anaamka mapema, ananakili madaftari ya rafiki yake. Bado hajawafikia.

Niliitazama ile karatasi kwa muda, na safari hii niliisoma yote, hadi sehemu ya chini ya mlezi kutia sahihi.

"Ungewaweka jikoni tu, Anko," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafungua bakuli.

Nikamwambia ni kweli. Akanipa chapati moja, akala nne zilizobaki, na kengele ilipolia akarudi kwa yale madaftari.